"Asilimia" na "Pointi za Asilimia": Kasoro Moja katika Vichwa vya Grafu

Neno "asilimia" ni miongoni mwa istilahi za hisabati zilizokwisha kukita mizizi katika Kiswahili, hata hakuna anayeliona kuwa ni istilahi. Walakini, katika taarifa na vitabu vyetu vya takwimu neno hili limetwishwa mizigo miwili isiyolingana, na kasoro hiyo hudhihirika zaidi katika vichwa vya grafu kuliko mahali pengine popote. Makala haya yanakusudia kuichambua kasoro hiyo kwa mfano mmoja, kisha kupendekeza namna ya kuiondoa.

Yafaa kwanza tulitazame neno lenyewe. Mwalimu wa shule ya msingi anapofundisha sehemu, namba ya juu huiita kiasi na ya chini huiita asili. Asilimia, basi, ni sehemu ambayo asili yake ni mia. Hivyo kila tusemapo asilimia hapana budi iwepo jumla fulani iliyogawanywa mara mia, na msomaji ana haki ya kuuliza: mia ya kitu gani? Tunaposema kwamba asilimia 28 ya watu ni maskini, jumla hiyo ni watu wote. Lakini tunaposema kwamba kitu kimepungua kwa asilimia fulani, jumla inayokusudiwa ni kiwango cha kitu hicho kabla hakijapungua. Asili imebadilika, ingawa neno ni lile lile.

Sasa tuutazame mfano. Uchunguzi wa mapato na matumizi ya kaya, uliofanywa Tanzania Bara mwaka 2011/12, ulionyesha kuwa asilimia 28.2 ya watu walikuwa katika umaskini wa mahitaji ya msingi, na asilimia 9.7 katika umaskini wa chakula. Uchunguzi wa mwaka 2017/18 ulionyesha asilimia 26.4 na asilimia 8.0. Tuchukulie kwamba mchoraji ameziweka namba hizo nne katika grafu ya mihimili, akaandika kando ya mstari wa kipimo ulio wima maneno "asilimia ya watu". Mpaka hapo hana kosa. Kisha juu ya grafu anaandika: "Umaskini wa Mahitaji ya Msingi Wapungua kwa Asilimia 1.8, wa Chakula kwa Asilimia 1.7". Kichwa cha namna hii si kigeni kwa msomaji wa taarifa zetu.

Njia rahisi ya kukipima kichwa hicho ni kukifuata kama kilivyoandikwa. Asilimia 1.8 ya 28.2 ni karibu 0.5. Tukiitoa katika 28.2 tunapata 27.7, wala si 26.4 iliyochorwa chini yake. Kadhalika, asilimia 1.7 ya 9.7 ni karibu 0.2, na tukiitoa tunabaki na 9.5 mahali pa 8.0. Kichwa na mihimili havisemi jambo moja. Alichokifanya mwandishi ni kutoa kiwango kimoja katika kingine, akapata tofauti baina ya asilimia mbili, kisha tofauti hiyo akaiita asilimia. Kupungua kwa asilimia hasa kungepatikana kwa kuigawanya tofauti kwa kiwango cha mwanzo: 1.8 kwa 28.2, yaani karibu asilimia 6.4, na 1.7 kwa 9.7, yaani karibu asilimia 17.5.

Huenda msomaji akaona kwamba hili ni suala la wanahisabati tu. Sivyo. Tofauti za 1.8 na 1.7 zinakaribiana mno, na mwenye kuzitazama ataamini kwamba aina zote mbili za umaskini zimepungua kwa mwendo mmoja. Hesabu ya pili inaonyesha kwamba, kwa kulinganisha na hali ya mwanzo, umaskini wa chakula umepungua kwa mwendo unaokaribia mara tatu ya ule mwingine. Kauli zote mbili ni za kweli, kila moja kwa kipimo chake. Hatari kubwa ni kuzichanganya, kwa mfano kuandika katika sentensi moja kwamba umaskini wa mahitaji ya msingi umepungua kwa asilimia 1.8 na wa chakula kwa asilimia 17.5. Hapo mpangaji wa bajeti atadhani kuwa wa pili umepungua karibu mara kumi zaidi ya wa kwanza, na hakuna neno lolote katika sentensi litakalomzindua.

Tofauti baina ya asilimia mbili, kwa hiyo, inastahili jina lake. Yako maneno matatu yanayoweza kufikiriwa. "Nukta" lina dosari kwa kuwa tayari tunalitumia katika kusoma desimali: "moja nukta nane". "Alama" limezoeleka shuleni kuwa ni maksi za mtihani, na maksi zenyewe mara nyingi hutolewa kwa mia, jambo linalozidisha utata. "Pointi" nalo halikosi ila, maana wapo wanaosoma desimali kwa neno hilo. Hata hivyo lina faida ya kueleweka kuwa ni kipimo cha kuhesabia, kama pointi za timu katika ligi. Napendekeza "pointi za asilimia", na desimali isomwe kwa "nukta".

Mpangilio wa maneno nao una uzito. Ukiandika "pointi za asilimia 1.8", namba inaliangukia neno "asilimia", na utata tuliokuwa tukiukimbia unarudi kwa mlango wa nyuma. Yafaa namba ifuate kile kinachohesabiwa: "pointi 1.8 za asilimia". Kwa sababu iyo hiyo alama ya % isiwekwe kamwe mbele ya tofauti. Mshale uliochorwa baina ya mihimili miwili usiandikwe "−1.8%" bali "pungufu ya pointi 1.8".

Katika grafu yetu, basi, kipi kiandikwe juu? Jicho linapolinganisha urefu wa mihimili miwili, pengo linaloonekana ni la pointi. Kichwa kifuate jicho: "Umaskini wa Chakula Wapungua kwa Pointi 1.7 za Asilimia, 2011/12 hadi 2017/18". Mwandishi anayetaka kuonyesha asilimia 17.5 achore grafu nyingine, na kando ya kipimo aandike "mabadiliko kwa asilimia ya kiwango cha 2011/12", ili asili ijulikane. Tena aseme "karibu", kwani 9.7 na 8.0 zimekwisha kukadiriwa kwenye desimali moja. Jibu halisi laweza kuwa popote baina ya karibu 16.6 na 18.5.

Pale ambapo istilahi mpya inaweza kumtatiza msomaji, iko njia ambayo haihitaji istilahi yoyote, nayo ni kutaja viwango viwili kwa "kutoka" na "hadi". Mwaka 2009 kodi ya ongezeko la thamani nchini Tanzania ilishushwa kutoka asilimia 20 hadi asilimia 18. Anayeandika "imepunguzwa kwa asilimia 2" anampa karani ruhusa ya kutoza asilimia 19.6. Anayeandika "kwa pointi 2 za asilimia" au "kwa asilimia 10" amesema kweli. Anayeandika "kutoka asilimia 20 hadi asilimia 18" amesema kweli na amemwondolea kila mtu shaka. Katika sheria na nyaraka za serikali, huu wa mwisho ndio mtindo unaofaa kuwa kanuni. Istilahi tuitumie mahali ambapo tofauti yenyewe ndiyo habari.