Kifo cha Liyongo Katika Filamu ya Vivuli

Kisa cha Fumo Liyongo, ambacho mapokeo hukihusisha na Ozi, kwenye delta ya Mto Tana chini ya Garsen, ni mtihani mgumu kwa filamu ya vikaragosi vya vivuli. Shujaa hufa amepiga goti kisimani, upinde umevutwa, na watu wamdhani yu hai. Kivuli hakina uso. Kifo hakina budi kusomwa katika viungo. Kikaragosi kilichofungwa kwa uzi begani na kiwikoni huyumbayumba hata kinapotulia, na kuyumba huko ndiko kupumua kwake. Baada ya jeraha, basi, viungo vigandishwe. Siku zipitapo, taa ya nyuma ya pazia ififizwe, kisha iwashwe: wateka maji wabadilike, yeye abaki. Kamera nayo isitikisike, isije ikamfufua.