Posti yenye inavuta laiki, na posti yenye inavuta watu

Leo nataka tuchambue aina moja ya tangazo. Hapa Lubumbashi tunaiona kila mwaka mvua ikikaribia: shirika la kartie linatafuta vijana wa kujitolea kuzibua kanivo. Inaenda karibu hivi:

«Vijana wa Katuba, simameni! Nchi inatuita. Tubadilishe mentalite, tujenge kesho bora. Ingia memba leo. Pamoja tutaweza!»

Laiki zinajaa. Jumamosi inafika, kwenye kanivo kuko paka komite na beleshi zao. Kisha tunasikia: «Vijana wa siku hizi ni wavivu.» Miye sikubali. Rudi usome komanteri: «Ni wapi?» «Saa ngapi?» «Kuko transporti?» Mtu anayeuliza saa amekwisha kukubali nusu. Posti njo imemwacha njiani. Kwa hiyo kipimo changu ni rahisi: usihesabu laiki, hesabu maulizo yenye posti ilipaswa kujibu yenyewe.

Kosa la kwanza la posti hii ni kuomba vitu viwili kwa mara moja. Kujitolea na kuwa memba si kitu kimoja. Wa kujitolea anatoa asubuhi yake, anaenda nyumbani. Memba anaingia kwa masharti ya statuti: analipa kotizasio, anakuja kwenye mikutano, anapiga kura. Mwanafunzi mwenye alitaka kushika beleshi saa tatu tu, akisoma «ingia memba», anaanza kujiuliza watamdai pesa ngapi. Anaweka laiki, anapita.

Kosa la pili ni kuita watu wote. Ukisema «vijana wa Katuba», kila mmoja anafikiri mwingine ataenda. Na kusema «nchi inatuita» hakumwonyeshi mtu kazi ya mikono yake. Mutu anapata moyo akiona kitu chenye kinaweza kuisha, na chenye kinamgusa.

Sasa tuiandike upya:

«Mvua ikinyesha, maji ya kanivo yetu yanaingia nyumbani. Jumamosi hii, tarehe 11 Oktoba, tunazibua metre 80, toka soko mpaka kona ya shule. Tunahitaji watu 15, saa 1 asubuhi mpaka saa 4. Tuko na beleshi 8 na glavu kwa wote. Vaa viatu vya kufunika miguu. Hakuna pesa ya transporti. Kuko maji na mikate. Si lazima uwe memba. Unakuja? Andika NAKUJA na jina lako mbele ya Alhamisi jioni.»

Maneno makubwa yameisha, lakini moyo umebaki: maji ndani ya nyumba. Tumeyaweka mbele kabisa juu Facebook inakata posti ndefu na kuandika «Voir plus», na wengi hawafinyi pale. Usiyaweke pia ndani ya picha yenye herufi ndogo: mwenye mega kidogo hafungui picha.

Sentensi ya pesa njo inaogopesha makomite. Wanaificha wakifikiri itakimbiza watu. Ndiyo, itapunguza wengine, lakini ni wale wangekuja kungojea bahasha, kisha kuondoka wakilalamika. Tena, neno salongo liko na historia: wakati wa Mobutu ilikuwa kazi ya lazima, na wazee wetu wanakumbuka. Ukilitumia, sema wazi kwamba hapa mtu anakuja kwa mapenzi yake.

«Andika NAKUJA» inafanya kazi mbili. Mwenye ameandika jina lake mbele ya majirani anaona haya kukosa. Na komite inajua Alhamisi kama majina ni 6 ao 20. Yakiwa 6, mko na Ijumaa nzima ya kupigia watu simu mmoja mmoja, ao kupunguza kazi ifike metre 30. Usitegemee kwamba wote walioandika watafika. Ijumaa jioni wakumbushe.

Lakini posti nzuri iko na mupaka wake. Ukiahidi glavu kwa wote na watu wakute jozi tatu, tangazo la kufuata halitasomwa, hata liandikwe vizuri namna gani. Jumapili weka picha ya kanivo ikiwa wazi, sema walikuja wangapi, metre ngapi zimeisha, ngapi zimebaki. Na ile siku njo nzuri ya kuomba memba, kwa posti yake peke yake: kotizasio ni kiasi gani, inalipia nini, mkutano ni lini. Wa kwanza kuandikiwa ni wale wenye matope yangali kwenye viatu. Wao wamekwisha kuona kazi.