Muhtasari wa Mwombaji Kazi: Jinsi Sharti Linavyokutanishwa na Ushahidi

Muhtasari wa mwombaji kazi ni waraka mfupi, aghalabu wa ukurasa mmoja, ambao wakala wa ajira humwandikia mwajiri aliyempa kazi ya kutafuta mtu, ili amwonyeshe, sharti baada ya sharti, wapi wasifu wa mwombaji unatosheleza mahitaji ya nafasi na wapi unapungua. Waraka huu hutofautiana na wasifu uliofupishwa, kwa kuwa wasifu hufuata mwenendo wa maisha ya mwombaji, ilhali muhtasari hufuata mpangilio wa masharti ya mwajiri. Ujenzi wake unachambuliwa hapa kwa mfano uliotungwa, wa nafasi ya msimamizi wa zamu katika mtambo wa kuchenjua madini ya kinywe, yaani grafiti, wilayani Ruangwa, na wa mwombaji mkazi wa Nachingwea aliyewahi kufanya kazi katika migodi ya dhahabu ya Kanda ya Ziwa.

Wilaya hizo mbili za Mkoa wa Lindi zimejulikana kwa muda mrefu kwa korosho na ufuta, na uchimbaji mkubwa wa kinywe huko Ruangwa ni jambo la miaka ya karibuni. Kwa sababu hiyo wenye uzoefu wa kinywe hasa ni wachache, na waombaji wengi wenye ujuzi hutoka kwenye madini mengine, hivyo kazi kubwa ya mwandishi wa muhtasari huwa ni kupima umbali uliopo kati ya uzoefu alionao mtu na uzoefu unaotakiwa.

Hatua ya kwanza ni kuligawa tangazo. Sentensi moja ya tangazo, kwa mfano ile inayotaka mtu "mwenye stashahada ya uchenjuaji na uzoefu wa miaka mitatu wa njia ya povu, anayeweza kuongoza zamu na aliye tayari kuishi Ruangwa", ina masharti manne, na kila moja huhitaji ushahidi wa aina yake. Yakiachwa pamoja, nguvu ya sharti moja huficha udhaifu wa jingine, kwa maana msomaji anayeona stashahada imetimia huelekea kudhani kwamba na miaka mitatu imetimia. Mwajiri huulizwa pia ni masharti yapi ya lazima na yapi ni ya nyongeza, maana tangazo lenyewe mara nyingi halisemi.

Sharti la elimu ndilo jepesi kuliko yote, lakini nalo lina mtego wake, kwa sababu waombaji wengine huita kila cheti cha chuo "diploma". Katika mfumo wa tuzo za ufundi unaosimamiwa na NACTVET, stashahada ya kawaida iko ngazi ya 6, na ngazi ya 5 ni astashahada, kwa hiyo muhtasari hutaja ngazi na hueleza kama cheti kimeonwa tu au kimehakikiwa na mamlaka iliyokitoa. Tangu uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma wa mwaka 2017, ambao uliwaondoa maelfu kazini, waajiri wa Tanzania wanaelewa vyema tofauti iliyopo kati ya kuona cheti na kukihakiki.

Sharti la muda huhesabiwa kwa miezi. Wasifu unaoandika "2018–2021" unaweza kumaanisha Januari 2018 hadi Desemba 2021, yaani miezi 48, au Desemba 2018 hadi Januari 2021, yaani miezi 26, na kwa kuwa sharti ni miezi 36, maandishi yale yale yanaweza kumpitisha mtu au kumwangusha. Katika mfano huu barua ya mwajiri wa zamani inaonyesha Machi 2018 hadi Agosti 2021, ambayo ni miezi 42.

Ugumu wenyewe uko kwenye sharti la aina ya kazi. Wasifu unataja "miaka sita ya uchenjuaji", lakini sehemu ya miaka hiyo ilipita kwenye mtambo ambamo dhahabu huyeyushwa katika maji yenye sianidi kisha hunaswa kwa kaboni, na kazi hiyo haihusiani na povu. Ni miezi 42 ya mgodi wa pili tu iliyokuwa ya njia ya povu, ambayo ni njia ya kuchanganya mawe yaliyosagwa na maji na kemikali, kisha kupuliza hewa ili chembe zinazokataa maji zing'ang'anie viputo na kupanda juu. Hata hapo ipo tofauti, kwa kuwa bei ya kinywe hutegemea pia ukubwa wa vipande vyake bapa, na usagaji mwingi ambao ungesaidia kuitoa dhahabu kwenye jiwe ndio unaoweza kuvivunja vipande hivyo na kushusha thamani ya mzigo. Mwombaji huyu, basi, anajua kurekebisha hewa, kina cha povu na kipimo cha kemikali, lakini wasifu wake hauonyeshi kwamba amewahi kulinda ukubwa wa vipande.

Baada ya kazi hiyo, safu za muhtasari huandikwa hivi:

Stashahada ya uchenjuaji: inatimia. Ngazi ya 6. Cheti kimeonwa, uhakiki umeombwa, majibu hayajafika.

Miaka mitatu ya njia ya povu: inatimia kwa muda, kwa sehemu kwa aina. Miezi 42 kwenye mtambo wa dhahabu na shaba, kwa barua ya mwajiri. Hakuna uzoefu wa kinywe.

Kuongoza zamu: inatimia. Miezi 14 ya mwisho. Mwombaji ameeleza, msimamizi wake wa zamani amethibitisha kwa simu.

Kuishi Ruangwa: inatimia. Kwa kauli yake mwenyewe amekubali kuhamia, anahitaji notisi ya siku 30.

Kila safu hapo juu inabeba hukumu, ushahidi na chanzo cha ushahidi, na chanzo ndicho huachwa mara nyingi, ingawa bila hicho mwajiri hawezi kutenganisha kilichoandikwa na mwombaji, kilichosemwa kwenye mahojiano na kilichothibitishwa na mtu mwingine. Safu ya mwisho nayo inahitaji uangalifu, kwa sababu waajiri wengine huuliza kama mtu ni "mwenyeji", na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi ya kabila na mahali mtu alikotoka, pamoja na mingineyo. Kinachoandikwa ni utayari wa kuishi karibu na kazi. Umri, dini na hali ya ndoa, ambavyo wasifu nyingi za Tanzania bado huvitaja, huondolewa kabla waraka haujatoka ofisini. Ridhaa ya mwombaji nayo hutafutwa kabla ya kuutuma, kwa kuwa taarifa hizo ni zake na zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Muhtasari mbovu hutambulika kwa kuyafunika masharti na kusoma ushahidi peke yake: safu inayosema "ana uzoefu mkubwa wa njia ya povu" ingeweza kuandikwa kwa mwombaji yeyote, kwa kuwa imelikariri tangazo tu, ilhali "miezi 42, mtambo wa dhahabu na shaba" ni maneno ya mtu mmoja. Dalili nyingine ni safu zote kusema "inatimia", jambo ambalo kwa nafasi ya kinywe ni nadra kiasi cha kutia shaka.

Safu ya "kwa sehemu" ndiyo humpa mwajiri maswali ya usaili. Hapa anaweza kumuuliza mwombaji angejuaje kwamba usagaji unavunja vipande, na jibu linalotarajiwa ni kwamba sampuli ya mzigo uliochenjuliwa hupitishwa kwenye machekeche kila zamu, na kiasi kinachobaki juu ya chekeche la mikroni 300 hulinganishwa na cha zamu zilizopita. Muhtasari hauwezi kueleza kama mwombaji anaujua utaratibu huo, kwa kuwa karatasi zake hazisemi lolote juu yake. Unachoweza ni kumwelekeza mwajiri mahali pa kuuliza.