Mstari wa Pili Ndio wa Kwanza

Ripoti ya skana inayosaka mianya ya usalama kwenye mtandao ina umbo linalojulikana: duara la rangi mwanzoni, kisha kurasa za jedwali, wekundu ukiwa juu. Mpangilio huo hufuata alama ya CVSS, kuanzia 0 hadi 10. Alama ya msingi hupima ubaya wa mwanya wenyewe, haijui mwanya umekaa wapi. Hapo ndipo umbo linapompoteza msomaji.

Chukulia duka la Bulla Pesa, Isiolo, linalowagawia majirani intaneti kwa ruta ya MikroTik, na ndani lina kompyuta kuukuu ya hesabu, ya Windows 7. Juu ya jedwali pangesomeka hivi:

```
9.8  CVE-2019-0708   kompyuta
9.1  CVE-2018-14847  ruta
```

Je, wahalifu wanaitumia mianya hii? Yote miwili. Imo katika orodha ya KEV, ambamo shirika la CISA la Marekani huweka mianya iliyothibitika kushambuliwa. Kwa hiyo swali hilo haliitenganishi. Linaloitenganisha ni nani anayeweza kuifikia.

Mwanya wa kompyuta uko kwenye huduma ya kuiendesha kwa mbali, poti 3389. Huduma hiyo ikiwa imezimwa, hakuna pa kupigia. Hata hivyo, skana iliyopewa ruhusa ya kuingia ndani na kukagua viraka bado inaweza kuandika 9.8, kwa sababu kiraka hakipo. Ruta ni habari nyingine. Poti yake ya Winbox, 8291, ikiwa wazi, mtu asiye na neno la siri husoma faili ya watumiaji na kuondoka na maneno yao ya siri. Mstari wa pili upande juu.

Fundi akisema poti imefungwa, ipimwe. Tumia data ya simu, nje ya mtandao wa duka, ukiweka anwani ya ruta yako:

```
nmap -Pn -p 8291 203.0.113.10
```

Jibu la `open` linamaanisha kinga haipo. Jibu la `filtered` ni zuri, lakini ni nusu ya kazi: rudia ukiwa upande wa wateja, kwa anwani ya ndani ya ruta, maana jirani aliyeunganishwa naye anaweza kubisha hodi.

Udhaifu mkubwa wa ripoti hii, kwa maoni yangu, uko kwenye safu ya suluhisho, ambayo kwa kawaida husema tu "sasisha". Matoleo 6.40.8 na 6.42.1 ya RouterOS, yaliyotoka Aprili 2018, yaliziba mwanya. Baada ya kusasisha, mstari hutoweka katika ripoti inayofuata, ilhali maneno ya siri yaliyokwisha kuibwa yanaendelea kufungua ruta. Yabadilishe yote siku hiyo hiyo, na ukague kama kuna mtumiaji usiyemtambua, kabla ya kuamini jedwali lililobaki kijani.