Huruma na Mwongozo

Kusahihisha ni ufundi, na hakuna mahali unapojulikana vizuri kama kwenye insha, kwa kuwa insha haina jibu moja.

Mchukulie mwalimu wa Kiswahili wa Kidato cha Tatu hapa Tukuyu, mwishoni mwa muhula, baridi ya Rungwe imebana na saa sita ya usiku imepita. Mwongozo wake unaipa insha alama 15: kichwa 1, utangulizi 2, kiini 8 kwa hoja nne, hitimisho 2, lugha 2. Mbele yake ipo karatasi ya binti anayesimulia lori la majani ya chai lililokwama kwenye tope. Hadi hapo binti ana alama 20 katika maswali mengine. Daraja D, kwa viwango vya Baraza la Mitihani, linaanzia 30.

Kichwa kipo, utangulizi ni mzuri. Hoja amezieleza mbili tu, lakini kwa uhai: unayasikia matairi yakizunguka bure. Anapata 4. Hitimisho hakuna, muda ulimwishia. Kisha lugha. Binti ameandika "balabala" mara tano, maana Kinyakyusa hakina r. Mwalimu anakata nusu alama kila mara, na alama 2 za lugha zinakwisha. Jumla 27.

Anaurudia mwongozo. Kosa lilelile likijirudia huhesabiwa mara moja. Anairudisha alama moja na nusu, jumla inakuwa 28.5. Hiyo si fadhila, ni haki ya binti, na uchovu ulikaribia kumnyang'anya.

Imebaki alama moja na nusu kufika D. Pale penye hitimisho kuna alama 2 zisizotumika, na mkono unawasha. Lakini chini ya rundo ipo karatasi ya kijana mkimya wa nyuma, naye hakuhitimisha, naye alipewa sifuri. Akimwongezea huyu, itabidi amwongezee na yule. Na akiwaongezea wote wawili, aliyejibana akahitimisha kwa sentensi mbili atakuwa amedhulumiwa. Anaandika 28.5.

Halafu anaandika chini ya insha: "Lori lako nimeliona. Zikibaki dakika kumi, acha hoja unayoandika, uhitimishe. Barabara, si balabala." Maneno hayo yanamsaidia binti kwa mtihani ujao kuliko alama ya kupewa.

Kwa hiyo huruma ina mahali pake pawili. Pa kwanza ni kabla ya kusahihisha, wakati wa kuandaa mwongozo: hapo ndipo inapoamuliwa kuwa kosa la lugha ya nyumbani lisimwadhibu mtoto mara tano. Pa pili ni baada ya alama, katika maoni. Katikati, kwenye alama yenyewe, ni haki peke yake. Na mwalimu akiona mwongozo umekosea, aubadilishe, kisha azirudie karatasi zote, si ile moja iliyomgusa moyo.