Kanga Inayouzwa kwa Picha: Jinsi ya Kutambua Maelezo ya Kweli

Mnunuzi aliyesimama dukani Kariakoo, au Mtaa wa Biashara pale Mombasa, hahitaji maelezo marefu. Huivuta kanga, huipeleka mlangoni penye mwanga, huigeuza upande wa pili, kisha husema bei. Mnunuzi aliyeko Mwanza au Maskati, anayeitazama kanga hiyohiyo kwenye simu, hana mlango wa kuipeleka. Ana picha mbili tatu na mistari michache iliyoandikwa chini yake. Mistari hiyo ndiyo tunayoikagua hapa. Maelezo bora hayarudii kilichokwisha kuonekana kwenye picha; yanasema kile ambacho picha imekibadilisha au imeshindwa kukionyesha.

Rangi hupotea wapi

Kanga hubadilika rangi mara tatu kabla ya kumfikia mnunuzi. Mara ya kwanza ni kwenye mwanga. Kibanda kilichofunikwa turubai la buluu huitia kanga nyeupe ubuluu, na kila rangi nyingine iliyo chini yake hupakwa vivyo hivyo. Taa ya manjano ya sebuleni huifanya nyeupe ionekane rangi ya maziwa, na zambarau huivuta kuelekea kahawia.

Mara ya pili ni ndani ya kamera. Simu hukisia weupe ni upi, kisha hurekebisha rangi zote kwa makisio hayo. Kanga nyekundu ikijaza picha nzima bila kitu cheupe kando yake, simu hudhani wekundu umezidi na huupunguza. Vilevile hukisia kiasi cha mwanga: kanga nyeusi tupu huangazwa mpaka iwe kijivu, na nyeupe tupu hutiwa kivuli. Nyekundu kali nayo ina shida yake. Kamera hufikia ukomo, na maua mekundu yaliyochorwa kwa vivuli viwili huonekana bapa kama rangi moja.

Mara ya tatu ni kwenye kioo cha mnunuzi. Simu za OLED mara nyingi huzikoleza rangi, na simu za bei nafuu mara nyingi huzififisha. Mwenye iPhone aliyewasha Night Shift anaona kila kitu kikiwa na unjano. Tena zipo rangi ambazo vioo vingi haviwezi kuzitoa kikamilifu, hasa ile iliyo kati ya buluu na kijani, yenye kung'aa kama maji ya kina kifupi ufukweni. Hata mpiga picha hodari hawezi kuifikisha ilivyo.

Hatua mbili za mwanzo ziko mikononi mwa muuzaji. Picha nzuri hupigwa kivulini karibu na dirisha au barazani, mchana, jua lisipige moja kwa moja, taa zote zikiwa zimezimwa, na karatasi nyeupe ikiwa imelazwa pembeni mwa kitambaa. Karatasi hiyo isikatwe kwenye picha. Ikiwa mnunuzi anaiona ya manjano, atajua kwamba kanga nayo imeongezewa unjano. Hatua ya tatu haiko mikononi mwa yeyote, na hapo ndipo maneno yanapofanya kazi.

Jina la rangi halitoshi

Ukisoma “kanga nyekundu”, umeambiwa ukoo tu. Maelezo yanayoaminika yana mambo matatu: ukoo wa rangi, kina chake, na upande inakoelekea. Nyekundu iliyokolea inayoelekea kahawia ni damu ya mzee. Nyekundu iliyokolea inayoelekea zambarau ni nyingine kabisa, ingawa kwenye picha iliyopigwa usiku hizo mbili hufanana. Kijani kinachoelekea njano na kijani kinachoelekea buluu havishoneki pamoja, na mtu anayetafuta kanga ya sare ya shughuli anajua hasara ya kuvichanganya.

Muuzaji akifananisha rangi na kitu, kitazame kitu chenyewe. Je, kina rangi moja popote mnunuzi alipo? “Rangi ya embe” haisemi kitu, kwa kuwa embe huanza kijani na huishia njano au nyekundu kulingana na aina. Kiini cha yai la kuku wa kienyeji mara nyingi hukolea kuliko cha yai la kuku wa kisasa. “Jani la mgomba” hufaa ikiwa imesemwa ni jani changa au lililokomaa. Bizari ya manjano kavu na pilipili nyekundu iliyoiva ni mifano inayomfikia msomaji bila kupotea njiani.

Lakini kipimo chenye nguvu zaidi kimo ndani ya kanga yenyewe. Simu inapobadilisha rangi, kwa kawaida huzibadilisha zote kwa pamoja, na uhusiano wao hubaki. Ikiwa pindo ni jeusi zaidi kuliko maua ya mji, litabaki hivyo kwenye simu nyingi. Kwa hiyo maelezo yanayosema “mji ni mwekundu mzito, pindo ni jekundu hilohilo lakini limetiwa weusi, na nafasi nyeupe ni rangi ya maziwa wala si nyeupe ya karatasi” yanamwezesha mnunuzi kuisahihisha picha kichwani mwake. Weupe hasa usiachwe. Kanga nyingi hukosewa hapo, maana kamera huufanya weupe wa maziwa uwe safi, na mtu aliyenunua kwa ajili ya kuvaa na blauzi nyeupe huona tofauti siku ya kuvaa.

Nakshi zina ukubwa

Picha haina kipimo. Korosho yenye urefu wa sentimita 6 na yenye sentimita 20 huweza kuonekana sawa kwenye kioo cha simu, na mwilini ni nguo mbili tofauti. Kanga moja kwa kawaida ina takribani sentimita 150 kwa 110, na doti ni mbili zinazofanana. Maelezo yakitaja vipimo vya kipande, upana wa pindo, na urefu wa ua au korosho kubwa kuliko yote, mnunuzi anaweza kuchukua rula na kujionea. Picha ya karibu iwe na rula au sarafu kando ya nakshi.

Mahali pa nakshi napo patajwe. Mji unaweza kuwa na mchoro mmoja mkubwa katikati, au vidoa vilivyotawanyika kila mahali. Mshonaji anayetaka kukata gauni ataona ugumu kwenye ule wa kwanza. Jina la kanga liandikwe neno kwa neno kama lilivyochapwa, kwa kuwa mtu hatoi kanga yenye ujumbe asioujua. Chapa ya mwenye kanga nayo ionyeshwe. Mali ya Abdulla, kwa mfano, ni chapa ya kampuni iliyoanza Mombasa mwaka 1887, na wanunuzi wengi huiulizia. Hata hivyo chapa, nakshi na jina havimalizi suala la rangi, kwa kuwa mchoro mmoja huweza kutolewa kwa rangi mbili tatu.

Kisha kuna kasoro. Kila rangi huchapwa kwa zamu yake, na zamu moja ikisogea kidogo, huachwa mstari mwembamba mweupe upande mmoja wa ua, na upande wa pili rangi hupandiana. Upana wa milimita moja ni kawaida. Milimita tatu huonekana mtu akisimama karibu, na haina budi kusemwa. Upande wa nyuma huwa umefifia kuliko wa mbele, na kiasi cha kufifia huko hutofautiana, hivyo picha ya nyuma ni ya lazima.

Doti moja, maelezo mawili

Tuchukue doti ya rangi ya damu ya mzee yenye korosho nyeusi na nyeupe. Picha imepigwa vizuri, ila simu imeiangaza, na kanga inaonekana nyekundu ya pilipili. Muuzaji wa kwanza anaandika: “Kanga kali, rangi ya kuvutia, maua makubwa, orijino. Rangi inaweza kutofautiana kidogo kulingana na simu yako.” Sentensi ya mwisho inasikika ya kiungwana, lakini haimsaidii mtu. Inatofautiana kuelekea wapi? Mnunuzi atapokea kitu kizito kuliko alichokiona, na muuzaji atasema alionya.

Muuzaji wa pili anaandika:

“Doti ya kanga ya pamba. Kila kipande sentimita 152 kwa 108, pindo la upande mrefu sentimita 14. Mji ni damu ya mzee: nyekundu nzito inayoelekea kahawia. Picha ya kwanza imeifanya nyekundu zaidi kuliko ilivyo. Picha ya tatu, yenye karatasi nyeupe, ndiyo iliyo karibu na kweli. Weupe ni wa maziwa. Korosho nne, moja kila pembe ya mji, urefu sentimita 18, na ua moja la duara katikati. Jina: WEMA HAUOZI, herufi nyeusi. Kwenye korosho mbili kuna mstari mweupe wa milimita 2 upande wa kushoto. Nyuma imefifia lakini jina linasomeka. Nimeisugua kwa kitambaa cheupe kilicholowa, kikashika wekundu kidogo, kwa hiyo mara ya kwanza ifuliwe peke yake. Mng'ao unaoonekana pichani ni wa wanga wa kiwandani; utaondoka ukifua.”

Haya ni marefu, lakini kila sentensi inazuia swali moja au ugomvi mmoja. Maelezo hayo hayakuishia kwenye onyo la jumla. Yamesema picha ipi inadanganya na kuelekea wapi. Hiyo ndiyo alama ya kwanza ya muuzaji anayeijua kanga yake, kwa kuwa huwezi kuandika hivyo bila kuishika nguo mkono mmoja na simu mkono wa pili, dirishani.

Jaribio la mkeka

Kukagua maelezo hakuhitaji kifaa. Tandaza mkekani kanga tatu za ukoo mmoja wa rangi, zenye nakshi zinazokaribiana, pamoja na ile iliyoandikiwa maelezo. Mwite mtu ambaye hajaiona, umsomee maelezo bila kumwonyesha picha, umwombe aichague. Akiinyanyua bila kusita, maelezo yamefaulu. Akisita kati ya mbili, muulize anasita kwa lipi. Akijibu, “Dada, zote mbili ni damu ya mzee, sasa ni ipi?” basi kina au upande wa rangi haukusemwa. Akisema zote zina maua makubwa, basi kipimo kimekosekana.

Mnunuzi wa mbali naye ana njia yake. Aulize maswali mawili tu kabla ya kutuma pesa: weupe wake ni wa karatasi au wa maziwa, na picha ipi iko karibu zaidi na kanga mkononi? Muuzaji aliyeiangalia kanga yake atajibu papo hapo au ataomba dakika aende nayo mlangoni. Anayejibu “iko vilevile kama pichani” hajaitazama bado, na bei yake isubiri.