Shafti ya Kinu cha Dagaa: Kuutambua Mchoro Uliokomaa

Nikiletewa shafti iliyokatika, sianzi kuuliza chuma kilinunuliwa wapi. Naanza kutazama ilikokatikia. Ikiwa imekatika kwenye mfereji wa sakilipi, na mfereji huo uko kati ya beringi na puli, najua kosa halikuzaliwa kwenye mashine ya kukereza. Lilizaliwa kwenye kompyuta, siku mchoraji alipoweka mfereji pale kwa sababu palikuwa na nafasi.

Hapa Mwanza shafti ya aina hii utaikuta kwenye vinu vinavyosaga dagaa kuwa chakula cha kuku. Dagaa walioanikwa ufukweni huja na mchanga wao, nyundo za kinu huliwa, na beringi hubadilishwa kila mara. Basi tuchukue kinu kidogo kinachozungushwa na mota kwa mkanda. Shafti yake ina kiwiliwili cha milimita 36, viti viwili vya beringi za 6206 vyenye kipenyo cha milimita 30, na mkia wa milimita 25 unaobeba puli. Ni umbo rahisi. Unachora nusu ya wasifu wake, unaizungusha kwa amri ya `Revolution`, na ndani ya robo saa una kitu kinachofanana na shafti. Ubora wake ni kazi nyingine.

Tuanze na sakilipi. Mkanda unavuta puli upande mmoja, na puli imening'inia nje ya beringi. Kwa hiyo shafti inapindwa zaidi pale pale kwenye beringi iliyo karibu na puli. Mfereji wa sakilipi una kona kali, na kona kali mahali panapopindwa maelfu ya mara kwa dakika ndipo ufa unapoanzia. Mchoraji aliyekomaa huupeleka mfereji upande wa pili, kwenye ncha isiyo na puli. Beringi ya huko ndiyo inayoshika shafti isitembee kulia na kushoto. Beringi ya upande wa puli huegemea bega lake, bushi huwekwa kati yake na puli, na pete yake ya nje huachiwa nafasi ya kuteleza kidogo ndani ya nyumba yake shafti inaporefuka kwa joto. Mtu akinionyesha modeli yenye sakilipi mbili, moja kila upande, namwomba kwanza anieleze hiyo ya upande wa puli inafanya kazi gani.

Kisha natazama kipimo cha mfereji kimeanzia wapi. Kwa shafti ya 30, kiwango cha DIN 471 kinataka sakilipi yenye unene wa 1.5, mfereji wenye upana wa 1.6, na kipenyo cha chini ya mfereji cha 28.6. Namba hizo ziko kwenye jedwali na yeyote anaweza kuzinakili. Ukomavu unaonekana kwenye mahali pa mfereji. Kinachozuia sakilipi ni ukuta wake wa nje, na beringi inaegemea bega. Kwa hiyo kipimo kinachohusika ni kutoka begani hadi ukuta wa nje: upana wa beringi 16, jumlisha 1.5, unapata 17.5, na ruhusa ya kuzidi kwa 0.1 bila kupungua. Beringi za 6206 zinaruhusiwa kuwa nyembamba kwa hadi 0.12, na sakilipi kwa 0.06, kwa hiyo mchezo utakaobaki hautazidi 0.28. Mchoraji mchanga hupima kutoka ncha ya shafti, kwa kuwa ndiko karibu na mfereji. Hapo kosa la urefu wa kiti linajumlishwa na kosa la mfereji, na fundi anajikuta na sakilipi isiyoingia au beringi inayogonga.

Sasa viti vya beringi, ambako maikroni zinaamua. Mkanda unavuta kuelekea upande uleule wakati shafti inazunguka, kwa hiyo kila sehemu ya pete ya ndani inapita kwenye mzigo. Pete ikikaa kwa ulegevu, itaanza kutambaa juu ya shafti. Dalili yake ni unga mwekundu kama kutu na kiti kinachong'aa. Mafundi wengi hapo hupiga senta panchi kuzunguka kiti ili vinundu viishike beringi. Vinundu hivyo husagika ndani ya siku chache na beringi inarudi kutambaa.

Dawa ni k6. Kwa kipenyo cha 30, k6 ina maana shafti iwe kati ya 30.002 na 30.015. Tundu la beringi ya kawaida ni 30 kamili au chini yake kwa hadi maikroni 10. Ukichukua katikati ya kila upande, shafti inazidi tundu kwa maikroni 13 au 14. Sehemu kubwa ya hizo, kwa makadirio ya asilimia 80, huipanua pete ya ndani na kula nafasi ya gololi. Beringi ya 6206 ya kawaida ina nafasi ya maikroni 5 hadi 20. Ya C3 ina 13 hadi 28. Ukitoa maikroni 11, beringi ya kawaida inabakiwa na karibu sifuri, ilhali ya C3 inabakiwa na 9 hivi. Ndiyo maana kwenye kinu kinachopata joto napendelea C3, na napenda kuona herufi hizo zimeandikwa kwenye mchoro pamoja na 6206.

Hatari iko kwenye modeli yenyewe. Kuna wachoraji wanaoandika kipenyo cha 30.015 ndani ya modeli wakidhani ndiyo k6, halafu mchoro unabandikwa alama ya k6 tena juu ya namba hiyo. Fundi akitii, shafti inatoka kati ya 30.017 na 30.030. Kwa hesabu ileile ya katikati, beringi inapoteza maikroni 23, na hata C3 inakwisha nafasi. Itaingia kwa kusukumwa kwa nguvu, itazunguka kwa uzito mkononi, na ikianza kazi itachemka. Modeli ibaki na 30 kamili, na mchoro useme `30 k6` pamoja na mipaka miwili kwa namba, kwa sababu fundi anasoma maikromita, hasomi jedwali.

Kona ya begani nayo ina siri. Kona ya 6206 imeviringwa kwa angalau milimita 1, kwa hiyo mviringo wa shafti lazima uwe mdogo kuliko hapo. Mimi huchora 0.6. Ukiwa mkubwa, beringi hukaa juu ya mviringo bila kugusa bega, na karatasi nyembamba itapita katikati yao.

Kwenye mkia wa 25, kii ni ya 8 kwa 7, na mfereji wake una kina cha 4. Kina hicho kinahesabiwa kutoka kilele cha duara, si kutoka ukingo wa mfereji. Kwa upana wa 8, ukingo uko chini ya kilele kwa milimita 0.66, na anayepima kutoka hapo anachimba kupita kiasi. Ndiyo maana mchoro mzuri hautaji 4 peke yake. Unatoa 21, kutoka chini ya mfereji hadi upande wa pili wa shafti, kipimo ambacho vanieri inaweza kukishika. Upana wake uwe 8 N9, na ncha ya mfereji iishie kabla ya bega, isikutane na kona ya kiti cha beringi.

Mwisho, kuijaribu modeli, nabadilisha namba moja tu: kipenyo cha kiti kiwe 35 badala ya 30. Kwenye modeli nzuri mfereji wa sakilipi unabadilika pamoja na kiti, na kiwiliwili cha 36 kinaonekana mara moja kuwa hakitoshi kuwa bega la beringi mpya.